Barafu ya dikoni kwa friza moja: kiasi cha kugandisha kwa siku na akiba ya kuingia nayo bamvu

Friza ya nyumbani inagandisha polepole lakini inahifadhi vingi. Wengi wanaoanza kuuza barafu hawatenganishi mambo hayo mawili. Mtu ananunua friza ya lita 300, siku ya kwanza anaijaza maji mpaka juu, siku ya tatu anafungua anakuta ganda la barafu pembeni na maji katikati. Anamwita fundi, fundi anaongeza gesi isiyohitajika, na sasa friza inaharibika kweli.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuuza mabonge ya barafu karibu na diko, Unguja au Pemba, mahali ambapo umeme upo siku nyingi. Wateja wake ni wavuvi, wachuuzi wa samaki, wanunuzi wa pweza na wauza juisi. Soda na vyakula vya kugandishwa vina hesabu yake nyingine, ingawa mengi ya hapa yatamfaa hata anayeuza hivyo.

Friza ya kununua

Chukua ya kulala, yenye mfuniko juu. Baridi ni hewa nzito. Ukifungua mlango wa friza ya kusimama, baridi yote inamwagika miguuni pako, na ya kulala inabaki nayo chini.

Kisha soma kibandiko cha nyuma au cha ndani ya mfuniko, usiangalie lita peke yake. Tafuta mambo mawili. La kwanza ni namba yenye alama kg/24h. Hiyo ndiyo inayokwambia friza inaweza kugandisha kilo ngapi kwa siku nzima, na kwa friza nyingi za lita 300 haifiki 20. La pili ni herufi za hali ya hewa. T maana yake imetengenezwa kufanya kazi mpaka joto la nyuzi 43, ST mpaka 38, N na SN mpaka 32 tu. Friza nyingi za mtumba zilizotoka Ulaya ni N au SN. Ukiiweka ndani ya banda la bati, joto la kaskazi linapita 32 kabla ya adhuhuri, nayo itanguruma mchana kutwa bila kupumzika. Ukiona SN-T ni sawa, maana inafika mpaka 43.

Kwa mtumba, mwombe muuzaji aiwashe tupu kwa muda wa saa nne au tano kabla hujaja. Ukifika, pitisha kiganja kuta zote za ndani. Baridi iwe sawa kila upande. Ukuta mmoja ukiwa na jalidi na mwingine mkavu wenye uvuguvugu, gesi imepungua au bomba linavuja. Kwa nje, friza nyingi za kulala huwa na mbavu za moto, na hilo si kosa, maana joto lililotolewa ndani ndiko linakotokea. Mwisho bana karatasi katikati ya mfuniko na ukingo, kisha ivute. Ikichomoka kirahisi, mpira wa mfuniko umechoka.

Mahali pake na umeme wake

Kwa kuwa mbavu zinatoa moto, ziachie nafasi ya kama shubiri moja kila upande, na usifunike friza kwa kanga wala kurundika maboksi juu yake. Isikae juani wala karibu na jiko. Inyanyue juu ya matofali au fremu ya mbao, kwa sababu sakafu ya biashara ya barafu haikauki, na chumvi ya pwani inakula bati la chini kwanza. Kila wiki futa mwili wake kwa kitambaa cha maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ukaushe.

Iwe na soketi yake peke yake, yenye waya wa ardhi, bila nyaya za kuungaunga. Wewe utakuwa na mikono mibichi siku nzima, kwa hiyo usiuone waya wa ardhi kama mapambo. Weka na kifaa cha kulinda friza kinachochelewesha umeme dakika 3 hadi 5 baada ya kurudi. Kompresa iliyozimika ghafla inabaki na msukumo wa gesi upande mmoja. Ikiambiwa iwake papo hapo haiwezi, inaguna, inazima, inaguna tena, na kila mguno unaichoma kidogo.

Vyombo

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar kabla hata ya Bara, ambako katazo lilianza Juni 2019, kwa hiyo usiijenge biashara yako juu ya vifuko. Uza bonge tupu, mteja aje na ndoo, kapu au deli lake.

Chombo kizuri ni cha lita 2, kipana juu na chembamba kidogo chini, kama vile makopo ya askirimu au vyombo vya plastiki vya mraba vinavyouzwa madukani. Umbo hilo linaliachia bonge bila kupigana nalo. Dumu la lita 5 lililokatwa juu linavutia kwa ukubwa wake, lakini lina kasoro. Ganda la barafu linapoota pembeni linakuwa kama blanketi kwa maji ya katikati, na kadiri bonge linavyonenepa muda wa kuganda unaongezeka kuliko unavyotarajia. Bonge la lita 2 lililogusa ukuta wa friza huwa tayari ndani ya siku moja. La lita 5 lililowekwa katikati huweza kuchukua siku mbili, na mteja akilivunja akakuta maji ndani, kesho harudi.

Jaza mpaka ibaki nafasi ya vidole viwili juu. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu sehemu moja ya kumi na moja, na chombo kilichojazwa pomoni kinapasuka pembeni. Katika chombo cha lita 2 tia lita 1.8, upate bonge la kilo 1.8. Kwa friza moja nunua vyombo 16, yaani seti mbili za vyombo 8.

Maji

Amua mapema kama barafu yako italiwa au itapoza samaki tu. Kugandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya kuharisha. Vinalala, na bonge likiyeyuka ndani ya jagi la juisi vinaamka. Barafu ya kuliwa ni ya maji yaliyochemshwa yakatokota, yakapoa yakiwa yamefunikwa, au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kuachwa nusu saa. Barafu ya samaki nayo ni ya maji masafi, si ya bahari.

Njia nyepesi ya kutochanganya ni rangi. Vyombo vyeupe viwe vya kuliwa, vya buluu viwe vya samaki, na usibadilishe hata siku ya haraka. Na usikubali kumwekea mchuuzi samaki wake waliobaki ndani ya friza hiyo. Atakuomba, na atakuwa jirani yako, lakini harufu ya nguru inaingia kwenye barafu na haitoki.

Maji ya kisima cha pwani chenye munyu yanatoa bonge laini lenye ujiuji katikati, linaloyeyuka mapema. Maji ya bahari ni mabaya zaidi. Yanaganda kwa shida, yanatoka jasho la chumvi, na chumvi hiyo inatoboa kuta za friza.

Jambo jingine ni saa ya kuchota. Tangi lililo juani mchana linatoa maji ya moto. Maji ya nyuzi 38 yanaiongezea friza kazi kwa karibu asilimia 7 ukilinganisha na ya nyuzi 30. Chota alfajiri, yaache kivulini.

Mzunguko wa siku

Hapa ndipo biashara inapofaulu au kukwama. Kazi kubwa ya friza haiko katika kuyapoza maji. Kuyatoa maji kwenye nyuzi 30 mpaka sifuri ni kama robo tu ya kazi. Karibu robo tatu iliyobaki ni kuyageuza maji yaliyokwisha kuwa sifuri yawe barafu. Ndiyo maana unaweza kuona maji baridi sana jioni na asubuhi bado hayajashikana. Hakuna kilichoharibika, zamu ndefu ndiyo imeanza.

Tuchukue friza ya lita 300 iliyoandikwa kilo 15 kwa saa 24. Mabonge 8 ya kilo 1.8 ni kilo 14.4. Hiyo ndiyo riziki yake ya siku, na ukiipita unachelewesha yote.

Siku ya kwanza iwashe tupu, kitufe cha baridi kali kikiwa kimebonyezwa kama kipo, mpaka kipimajoto cha ndani kisome nyuzi 18 chini ya sifuri. Jioni, hewa ikipoa, ingiza vyombo 8 vya kwanza. Vipange vikiugusa ukuta na sakafu ya friza, visigusane vyenyewe. Baridi inatoka ukutani, na chombo kinachoelea katikati kinategemea hewa tu, ambayo inasafirisha baridi kwa uvivu.

Jioni ya pili visogeze vile vya kwanza katikati na uingize 8 vipya ukutani. Usiache maji mapya yagusane na mabonge yaliyoganda, maana yatayala. Weka ubao mwembamba au kipande cha plastiki kigumu katikati yao.

Jioni ya tatu toa mabonge ya kwanza kwenye vyombo. Hakikisha kwanza yameiva. Bonge lililoganda lote lina kichuguu juu, na ukiligonga kwa kifundo cha kidole linalia kavu. Likilia kama dafu, bado lina maji. Lililoiva lichovye chombo chake katika beseni la maji kwa nusu dakika, pindua, litaanguka. Sasa litakuwa na ngozi ya maji nje. Ukilipanga hivyo hivyo juu ya wenzake yatashikana yawe mwamba mmoja. Lirudishe peke yake kwa saa moja likauke, ndipo ulipange kwenye rundo. Vyombo vilivyobaki wazi vijaze tena, virudi ukutani. Tangu hapo unaingiza 8 na kutoa 8 kila jioni.

Kitu kinachoua mzunguko huu ni kufungua mfuniko kwa kila mteja. Tafuta friza iliyokufa. Mafundi wanazo na wanaziuza kwa bei ya chuma chakavu. Mwili wake bado una sponji ya kuzuia joto. Ilaze barazani pako, toboa tundu la kutolea maji chini, na kila asubuhi hamishia humo mabonge unayotarajia kuuza siku hiyo. Wateja wanahudumiwa kutoka hapo, friza nzima inafunguliwa mara mbili tu kwa siku. Kidogo kitayeyuka, lakini ni kidogo kuliko hasara ya kufungua mara thelathini.

Akiba ya bamvu

Friza inayogandisha mabonge 8 kwa siku inaweza kuhifadhi kama 80 yaliyopangwa vizuri, na kuyahifadhi kunakula umeme mdogo kuliko kuyagandisha. Mahitaji ya dikoni hayaendi sawa kila siku. Yanafuata mwezi.

Pweza huchokolewa zaidi siku za bamvu, maji yanapokauka mbali, yaani karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu. Wavuvi wa taa wanataka giza, na mbalamwezi ikijaa wengi wanapumzika. Kwa hiyo mwandamo wa mwezi unakuletea wateja wa aina zote mbili, mwezi mpevu unakuletea wa pweza, na siku za maji mafu biashara inalala. Tarehe za Kiislamu unazozijua kwa ajili ya sala na saumu ndizo kalenda yako ya barafu pia. Andika ukutani umeuza mangapi kila tarehe ya mwezi, na baada ya miezi miwili utakuwa na picha ya diko lako, maana kila diko lina tabia yake.

Tuseme kwa tarehe hizo za Kiislamu, kuanzia mwezi 5 mpaka mwezi 12, siku 8 za maji mafu, unauza mabonge 3 kwa siku. Unagandisha 64, unauza 24, unabaki na 40. Bamvu inaingia mwezi 13 na kwa siku 5 wanataka 15 kwa siku, jumla 75. Friza itakupa 40 katika siku hizo, 35 yatatoka kwenye akiba, na utabaki na 5. Asiyeweka akiba anauza 8 kwa siku, na wateja wa mabonge mengine 7 anawafukuza kila siku, siku ile ile walipokuwa na pesa.

Ramadhani ina hesabu hiyo hiyo, ila barafu inayotakiwa ni ya kunywa, na yote inatakiwa baina ya alasiri na magharibi. Anza kulimbika katikati ya Shaabani, kwa vyombo vyeupe.

Mweleze mteja wa samaki

Mchuuzi mwenye kilo 10 za samaki atakuomba bonge moja, kisha atalalamika kuwa barafu yako haidumu. Kuwapoza tu samaki wenye joto la bahari mpaka sifuri kunayeyusha kiasi cha theluthi ya uzito wao, yaani zaidi ya kilo 3. Inayobaki baada ya hapo ndiyo inayowalinda njiani. Kwa nchi ya joto kipimo kinachotumika ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, kwa hiyo kilo 10 ni mabonge 5 au 6. Kwa safari fupi ya kutoka Nungwi mpaka Darajani ndani ya deli zuri, mabonge 4 yanaweza kutosha. Kwa ndoo wazi nyuma ya pikipiki, hata 6 ni machache.

Barafu ivunjwe. Tia bonge ndani ya gunia safi, lipige kwa mchi mpaka liwe vipande vya ukubwa wa ndimu. Tandika chini, panga samaki, tandika juu yao, endelea hivyo, na safu ya juu iwe barafu nene. Tundu la chini liwe wazi, kwani samaki anayeogelea katika maji ya damu anaoza hata kama maji hayo ni baridi.

Hesabu

Kabla ya kupanga bei, pima. Zima vitu vingine vyote, soma unit kwenye mita ya Tukuza, na uisome tena baada ya saa 24 friza ikiwa kwenye mzunguko wake kamili. Kwa mfano wetu tegemea kama unit 3 kwa siku, ambazo ukigawa kwa mabonge 8 ni karibu unit 0.4 kwa bonge. Ikiwa wewe unaisoma 5, mpira wa mfuniko, jalidi nene au banda la moto vinakula faida.

Sasa weka bei zako. Kwa mfano tu, ukinunua unit kwa shilingi 400, umeme wa bonge ni kama 150. Tenga 100 za maji, dawa na fundi. Ukiuza 500 unabaki na 250, yaani 2,000 kwa siku ya mabonge 8. Friza ya shilingi 900,000 itajilipa kwa siku 450. Kwa maneno mengine, barafu ya samaki peke yake kwa friza moja ni pesa ya kuongezea, haitoshi kuendesha nyumba. Inayobeba ni ile ya kunywa, kwani bonge dogo la nusu kilo kwa muuza juisi hulipiwa zaidi kwa kilo. Kwa hiyo gawa vyombo vyako ukiangalia soko, labda nusu kwa nusu, na bamvu ikija elekea upande wa samaki.

Leseni ya biashara inatoka halmashauri au baraza la mji lako. Kwa barafu ya kuliwa uliza pia Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kabla hujajenga meza, maana watataka kuona maji yanatoka wapi.

Inapoharibika

Jalidi likifika unene wa kidole kidogo, liondoe. Zima, hamishia mabonge kwenye ile friza iliyokufa, acha mfuniko wazi na beseni la maji moto ndani. Usichokoe kwa kisu. Mabomba ya gesi yako nyuma ya bati jembamba sana, na tundu moja lililotobolewa na ncha ya kisu linaweza kugharimu karibu nusu ya bei ya friza.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa mabonge inajilinda yenyewe siku nzima na zaidi, iliyo nusu tupu inawahi kushindwa. Unguja iliwahi kukaa karibu miezi mitatu bila umeme, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na kwa hali kama hiyo hakuna ujanja, uza kila kitu siku ya kwanza. Umeme ukirudi baada ya katizo la kawaida, angalia barafu ya kuliwa. Mabonge yaliyopoteza pembe na kushikana yapeleke upande wa samaki.

Kompresa ikiguna sekunde chache, ikabofya, ikanyamaza, kisha ikarudia, mara nyingi umeme ni mdogo. Hutokea jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha. Pima kwenye soketi. Ikiwa chini ya volti 190, chomoa mpaka usiku, na ununue stebilaiza yenye nguvu kuliko kompresa yako. Ikiwa volti ni nzuri na bado inaguna, mwambie fundi akague kwanza rilei na kapasita ya kuwashia, ambazo ni bei ndogo, kabla hajazungumzia kubadilisha kompresa. Na kama kibandiko kimeandikwa R600a, hakikisha anajua kuwa gesi hiyo inawaka moto, asifungue tochi ya kuchomea ndani ya chumba kilichofungwa.